Pothosi iliyopoteza mabaka: mwanga, mbolea na mkasi

Dhana: Majani yakipauka na kuwa madogo, mmea una njaa. Ongeza mbolea.

Hii ndiyo dhana inayoharibu pothosi na filodendroni nyingi za ndani. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga. Mbolea huleta madini tu. Mmea ukiwa kwenye kona yenye kiza hukua polepole na kutumia madini kidogo, na yanayobaki hujikusanya kwenye udongo kama chumvi. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia.

Kabla ya kushika chupa ya mbolea, tazama shina. Nafasi kati ya jani na jani ikiwa imerefuka kuliko zamani, huku kila jani jipya likiwa dogo kuliko lililotangulia, mmea unatafuta mwanga. Upungufu wa naitrojeni una sura nyingine: majani ya zamani, yale ya karibu na chungu, hugeuka manjano kwanza. Hata hapo, chomeka kidole udongoni. Ukiwa umelowa siku zote, huenda mizizi imeanza kuoza, na mbolea haitasaidia mizizi isiyoweza kunyonya.

Dhana: Ukiusogeza mmea dirishani, mabaka meupe ya majani yatarudi.

Wakati mwingine, na si kwenye majani yaliyopo. Jani lililokwisha kukomaa halipati mabaka mapya. Hukumu hutolewa na majani yatakayochipua.

Sehemu nyeupe haina klorofili ya kutosha, kwa hiyo haichangii chakula. Mwanga ukipungua, majani mapya huja na kijani zaidi, na chipukizi la kijani hukua haraka kuliko lenye mabaka. Lakini kuna hali ya pili: shina lenyewe linaweza kupoteza zile seli zisizo na kijani. Likishafika hapo, hata ulipe mwanga wa namna gani, litaendelea kutoa majani ya kijani.

Chukua pothosi ya aina ya Marble Queen iliyowekwa kwenye rafu mita tatu kutoka dirishani. Majani ya karibu na chungu yana mabaka meupe, ya katikati yana vidoa, na matano ya mwisho ni kijani kitupu. Saa sita mchana, weka kiganja sentimita 30 hivi juu ya majani. Kivuli kikiwa hafifu, hata vidole havionekani, mwanga ni mdogo. Usogeze mpaka kivuli kionekane vizuri lakini kingo zake zikiwa laini, kwa kawaida ndani ya mita moja ya dirisha, kisha usubiri majani matatu mapya. Vidoa vikianza kurudi, tatizo lilikuwa mwanga.

Yakitoka ya kijani yote matatu, kata. Rudi nyuma kando ya shina mpaka kwenye kifundo ambacho jani lake lina mabaka mazuri na shina lina mchirizi mweupe unaopita penye kichipukizi, pale kikonyo kinapoungana na shina. Kata mbele kidogo ya kifundo hicho, upande wa ncha ya shina. Kichipukizi kilicho kwenye mchirizi ndicho chenye nafasi kubwa ya kuleta mabaka, ingawa hakuna dhamana. Usichague mahali penye jani jeupe tupu. Tawi la namna hiyo halijilishi, na majani yake huungua kahawia mapema.

Dhana: Kama mwanga ni dawa, jua la moja kwa moja ni dawa zaidi.

Jua kali la mchana huunguza, tena sehemu nyeupe huanza. Jani lililopauka upande unaotazama jua tu limepigwa na jua. Weka pazia jepesi.

Dhana: Mbolea haina kazi kabisa.

Ina kazi, ila baada ya mwanga. Mmea ukishaanza kutoa majani mapya, tumia mbolea ya maji yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, juu ya udongo wenye unyevu. Itakuza jani na kulitia rangi ya afya. Mabaka haileti. Kama ukoko wa chumvi upo tayari, kwanza pitisha maji mengi kwenye chungu na uyaache yatoke yote chini.

Dhana: Majani madogo ni dalili ya uzee.

Pothosi ni mpandaji. Shina linaloning'inia huelekea kutoa majani madogo. Likipanda juu na kushika kitu kwa mizizi yake ya hewani, majani hukua, na porini hufika hata zaidi ya nusu mita. Funga shina kwenye nguzo iliyozungushiwa kigoga chenye unyevu, ule mmea laini unaoota penye majimaji, vifundo vikigusa kigoga hicho. Majani ya chini yatabaki na udogo wake. Ukubwa utaonekana kwenye yale yatakayotoka juu, mradi mwanga unafika huko.