Uchakavu wa boti, kodi, na hela inayobaki mkononi

Mwenye boti la mizigo linalotoka Nansio, Ukerewe, kwenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huwa anasumbuliwa na mstari mmoja kwenye makadirio ninayomwandalia. "Hii milioni 40 ya uchakavu naitoa wapi?" Jibu ni kwamba haitoi popote. Boti alishalilipia siku aliyolichukua kwa fundi. Uchakavu ni hesabu ya karatasi, na hela inayohusika nao ni moja tu: kodi ambayo hatailipa kwa sababu faida inayotozwa kodi imepungua. Hiyo ndiyo tunayoiita kinga ya kodi.

Tuchukue kampuni yenye boti la shilingi milioni 160. Kwa mwaka linaingiza milioni 130 za nauli ya mizigo, nyingi ikiwa magunia ya dagaa, na gharama zinazolipwa taslimu, yaani dizeli, mishahara ya nahodha na mabaharia, ushuru na matengenezo, ni milioni 82. Zinabaki milioni 48 kabla ya uchakavu na kodi. Kodi ya kampuni ni asilimia 30.

Kwa njia ya mstari mnyoofu, boti tunaloamini litafanya kazi miaka 8 linachakaa milioni 20 kila mwaka. Milioni 48 ukitoa 20 inabaki faida ya 28, na kodi yake ni milioni 8.4. Sasa ondoa kodi kwenye zile 48 za mwanzo, siyo kwenye 28: mkononi zinabaki milioni 39.6, na itakuwa hivyo kila mwaka kwa miaka yote 8, mradi biashara isibadilike.

Kwa njia ya salio linalopungua, kiwango ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza ni milioni 40, wa pili ni 30, wa tatu 22.5, wa nne karibu 16.9, na inaendelea kushuka. Mwaka wa kwanza faida inayotozwa kodi ni milioni 8 tu, kodi ni milioni 2.4, na mkononi zinabaki 45.6. Boti ni lilelile na dagaa ni walewale, lakini kuna milioni 6 zaidi kwenye akaunti. Mwaka wa pili tofauti ni milioni 3, wa tatu ni laki 7 na nusu. Kuanzia mwaka wa nne mambo yanageuka: njia hii inaacha mkononi milioni 38.7, chini ya zile 39.6, na mwaka wa nane ni 35.2 tu.

Ipo njia fupi ya kuhakiki. Zidisha zile milioni 48 kwa 0.7, upate 33.6, kisha jumlisha uchakavu uliozidishwa kwa 0.3. Milioni 40 mara 0.3 ni 12, jumla 45.6. Ukikuta jedwali ambalo mtu amejumlisha uchakavu wote wa milioni 40 juu ya 33.6, ujue amehesabu hela ambayo haipo. Kosa la upande wa pili ni kuishia kwenye faida baada ya kodi, milioni 5.6, na kusahau kuurudisha uchakavu. Boti zuri linaonekana bovu, na nimeshaona mkopo ukikataliwa kwa jedwali la namna hiyo.

Je, kipi bora? Kinga yote kwa jumla ni asilimia 30 ya milioni 160, yaani milioni 48, kwa njia zote mbili. Tofauti ni lini unaipata. Hela ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo tunaipunguza kwa kila mwaka wa kuisubiri. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 15, milioni 6 kila mwaka kwa miaka 8 zina thamani ya leo ya karibu milioni 26.9. Salio linalopungua kwa miaka hiyohiyo linatoa karibu milioni 29, na milioni 16 hivi za gharama ya boti bado hazijadaiwa kama uchakavu. Zikiendelea kudaiwa mwaka hadi mwaka, jumla inafika milioni 30. Kwa hiyo kuwahi kunalipa kama milioni 3 kwenye boti la milioni 160. Si haba, lakini boti linalopata hasara halitaokolewa na hilo.

Na usidhani salio linalopungua ndilo la haraka siku zote. Ungesema boti lina maisha ya miaka 5, mstari mnyoofu ungetoa milioni 32 kwa mwaka na kumaliza kila kitu mwaka wa tano, wakati asilimia 25 ya salio ingekuwa bado ina karibu milioni 38 zisizodaiwa.

Lakini kwa Tanzania swali la kuchagua halipo. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, imeshagawa mali kwenye madaraja. Vyombo vya majini viko daraja la pili, asilimia 25 ya salio. Gari dogo na kompyuta ni daraja la kwanza, asilimia 37.5. Kwa majengo unatumika mstari mnyoofu: asilimia 5 kwa jengo la kawaida, 20 kwa jengo linalotumika kwenye kilimo, mifugo au ufugaji wa samaki. Vitabu vyako vya hesabu vinaweza kutumia miaka 8 sawasawa kama unavyoona boti linavyochakaa, na ni sahihi kabisa, lakini kodi haifuati vitabu hivyo. Anayechukua uchakavu wa vitabuni akautumia kukokotoa kodi ya makadirio anajikuta amepanga kulipa milioni 8.4 mahali pa 2.4. Ile milioni 6 ya tofauti inaonekana kwenye mizania kama kodi iliyoahirishwa, yaani ya kulipwa miaka ya mbele, na ukiikuta pale inalingana na tofauti hiyo, ni dalili kwamba hesabu ya mtiririko wa fedha nayo iko sawa.

Kinga hii inamfaa mwenye faida ya kukingwa. Dagaa wakiadimika zikabaki milioni 25 badala ya 48, uchakavu wa milioni 40 unazaa hasara ya kikodi ya 15. Kodi mwaka huo ni sifuri, hasara inasogezwa mbele, na sehemu ya faida ya kuwahi inapotea kwa kusubiri. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100, anayekadiriwa kodi kwa mauzo, hana kinga kabisa: kodi yake haiangalii uchakavu, na jedwali lote la hapo juu halimhusu.

Mwisho wa boti nao unaleta kodi. Tuseme baada ya mwaka wa nane linauzwa milioni 30. Kwa salio linalopungua thamani iliyobaki ni milioni 16, hivyo zile 14 zilizozidi zinaingia kwenye mapato, kodi karibu 4.2. Kwa mstari mnyoofu thamani ni sifuri, milioni 30 zote zinatozwa, kodi 9. Tofauti hiyo ya milioni 4.8 ndiyo kinga ambayo salio linalopungua lilikuwa bado halijaitoa. Kampuni ikiwa na maboti mengine kwenye daraja hilohilo, bei ya mauzo inapunguzwa kwenye salio la pamoja, na mara nyingi hakuna kodi mwaka huo. Uchakavu wa miaka inayofuata unakuwa mdogo, na kodi inakuja polepole kupitia huko.