Matriksi ya Ansoff: dhana potofu kuhusu hatari ya utanuzi mseto

Igor Ansoff, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alichapisha wazo lake kuhusu njia za kukuza biashara mwaka 1957, akiwa na maswali mawili tu: je, bidhaa ni ya sasa au ni mpya, na je, soko ni la sasa au ni jipya? Majibu yake huzaa vyumba vinne vya matriksi, navyo wanafunzi wengi huvitaja bila shida. Wanakopotea ni kwenye chumba cha nne, kile cha bidhaa mpya katika soko jipya, yaani utanuzi mseto.

Dhana: Kila jambo jipya ambalo biashara inalifanya ni utanuzi mseto.

Mchukue mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba anayewauzia wachuuzi wa Mwanza dagaa wakavu kwa magunia. Akiongeza mauzo kwa wachuuzi hao hao, anapenya soko. Akipeleka dagaa wale wale Lubumbashi, anaendeleza soko. Na akiwauzia wachuuzi wake wa siku zote dagaa waliokaangwa na kufungwa kwenye pakiti, anaendeleza bidhaa. Akiwauzia wafugaji wa kuku dagaa wale wale, bado anaendeleza soko, kwa kuwa soko jipya si lazima liwe mji mwingine. Linaweza kuwa mtumiaji mwingine wa mtaa wa pili. Lakini akinunua mashine, akawasaga dagaa pamoja na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti ili auze chakula cha kuku, bidhaa ni mpya na mnunuzi ni mpya. Hapo ndipo amefika chumba cha nne.

Dhana: Utanuzi mseto hugawanya hatari, kwa hiyo ndiyo njia salama kuliko zote.

Kosa hili hutokana na kuchanganya hatari mbili. Ya kwanza ni hatari ya kuingia: kushindwa kwa sababu huijui bidhaa wala humjui mnunuzi. Ya pili ni hatari ya mapato kuyumba baada ya kuwa tayari una shughuli mbili. Matriksi inapokiweka chumba cha nne kuwa chenye hatari kubwa kuliko vyote, inazungumzia ile ya kwanza.

Tuseme mfanyabiashara wetu ana mtaji wa shilingi milioni 30, wote ukizunguka kwenye magunia, kisha anatoa milioni 18 kwa ajili ya mashine na chumba. Milioni 12 zinazobaki zinanunua sehemu mbili kati ya tano za magunia aliyozoea. Wachuuzi wanaokosa mzigo kwake wanahamia kizimba cha jirani kabla hata mfuko wa kwanza wa chakula cha kuku haujauzwa, na mfugaji anayepata mchanga ndani ya mfuko, kwa sababu dagaa walianikwa chini badala ya kwenye chanja, harudi tena. Mseto umekula biashara mama kabla ya kuilinda.

Dhana: Shughuli zikihusiana, hatari huwa imekwisha.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Richard Rumelt, katika utafiti wake wa mwaka 1974 kuhusu makampuni makubwa ya Marekani, aliona kuwa yale yaliyopanuka kuelekea shughuli zinazohusiana yalifanya vizuri kuliko yaliyorukia shughuli zisizohusiana. Uhusiano hupunguza hatari ya kuingia, maana ujuzi na wauzaji wa malighafi ni wale wale. Lakini undugu huo huo huongeza uwezekano wa shughuli zote mbili kuanguka pamoja. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, uvuvi husimama na bei hupanda. Wiki hiyo mfanyabiashara wetu hana magunia ya kutosha ya kuuza, na mashine yake nayo inasubiri dagaa wale wale, tena kwa bei ya juu. Ana biashara mbili zinazotegemea mwezi mmoja.

Viwanda vya sangara vilikutana na jambo la aina hii mwaka 1999, soko la Ulaya lilipofungwa kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Kiwanda ambacho kingekuwa na bidhaa tatu za sangara, zote zikienda Ulaya, kisingepata kinga yoyote kutokana na wingi huo. Swali la kumuuliza mtahiniwa ni hili: tukio gani moja linaweza kuziangusha shughuli zote kwa siku moja?

Kwa mfanyabiashara wa Kirumba, jibu lenye alama nzuri ni kuuvunja mruko mmoja kuwa hatua mbili. Kwanza awauzie wafugaji dagaa wazima waliokaushwa kwenye chanja, jambo lisilohitaji mashine, ajue wananunua kiasi gani, wanalipa lini na wanalalamikia nini. Mashine ije baadaye, wakati soko limeshakuwa la sasa, kwa sababu hapo atakuwa anaendeleza bidhaa tu. Kuhusu mbalamwezi, atahitaji akiba ya dagaa wakavu aliyoinunua wakati wa giza, na akiba hiyo lazima ihesabiwe ndani ya zile milioni 12.