Dashibodi ya skrini: kipi kibaki mbele ya macho unapoendesha

Gari likienda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Ukishusha macho sekunde mbili kusoma skrini iliyo nyuma ya usukani, umeshapita mita 56 bila kuitazama barabara. Mwongozo wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, wa mwaka 2013 kuhusu vifaa vya ndani ya gari uliweka sekunde mbili kuwa ukomo wa kutupa jicho mara moja. Nami hupimia hapo: kisichosomeka kwa jicho moja kisikae mbele ya dereva.

Chukua safari ndefu kwa gari la petroli lenye gia otomatiki. Skrini inaonyesha duara mbili kubwa, moja ya mwendo na nyingine ya mizunguko ya injini, na ramani katikati. Kama gari linaruhusu, ondoa mizunguko, maana gia zinajibadilisha zenyewe. Mwendo uwe wa tarakimu kubwa. Ramani nzima ihamie skrini ya katikati ya gari. Mbele yako ubaki mshale wa kona inayofuata na umbali wa kuifikia.

Matumizi ya mafuta ya papo hapo yazime kabisa. Tarakimu zake hubadilika kila ukigusa pedali, na jicho hufuata kinachochezacheza. Nafasi hiyo ipe makadirio ya kilomita zilizobaki kwa mafuta yaliyomo. Ila makadirio hayo hutegemea ulivyoendesha muda mfupi uliopita: ukianza kupanda mlima yanaweza kushuka haraka kuliko kilomita unazopita, kwa hiyo geji ya mafuta isiondoke.

Geji ya joto la injini nayo ibaki. Katika magari mengi mshale wake umewekwa utulie katikati hata joto likipandapanda kidogo. Ukiuona unaelekea kwenye nyekundu, tafuta mahali salama usimame.

Mpangilio wote ufanywe gari likiwa limeegeshwa. Kwanza rekebisha kiti na usukani, kwa sababu duara la usukani likiziba tarakimu za mwendo au taa za tahadhari, hakuna mpangilio utakaosaidia. Kisha tumia vitufe vya usukani: mara nyingi kuna kitufe cha kubadili mwonekano, mishale ya kuchagua, na OK ya kuthibitisha. Taa za tahadhari, kama za breki na shinikizo la oili, hazizimwi kwenye menyu hizi.

Kama huvaa miwani ya jua ya polaroidi, ivae na uitazame skrini kabla ya kuondoka. Baadhi ya skrini hufifia au huonekana nyeusi kupitia miwani hiyo.

Mwisho, hifadhi mpangilio kwenye wasifu wako. Katika magari yenye wasifu wa kila dereva, mwenzako akiendesha kwa wasifu wake utakuta skrini imebadilika, hivyo hakikisha umechagua wako kabla ya kuingiza gia.