Carpe diem si "ponda mali, kufa kwaja"

Carpe diem ni Kilatini, na maana yake ni "ichume siku". Ni maneno ya mshairi Mroma Quintus Horatius Flaccus, katika shairi la 11 la kitabu cha kwanza cha Odi zake, zilizotoka mwaka 23 KK. Maana yenyewe imeishia hapo. Kinachoniudhi ni watu kuyageuza maneno hayo kuwa kibali. Mtu amekopa kwa simu, hela yote imeyeyuka wikendi moja, na chini ya picha kaandika carpe diem. Wengine huyafasiri kabisa kuwa "ponda mali, kufa kwaja". Hapana, jamani.

Tuanze na kitenzi. Carpere ni kuchuma tunda au ua. Waroma walikitumia pia kwa mnyama anayekula majani malishoni, na kwa wanawake waliochambua sufu kabla ya kuisokota. Ni kazi ya kidogo kidogo, tena ya kutulia. Kunyakua kuna kitenzi chake, rapere, na Horatius alikijua vizuri. Katika Epodi ya 13, shairi lake jingine lililotoka miaka kadhaa kabla ya Odi, dhoruba inavuma naye anawaambia rafiki zake rapiamus, yaani tuinyakue nafasi ambayo siku inatupa. Kwa hiyo neno la kunyakua alikuwa nalo. Alipofika kwenye shairi hili akaliacha, akasema chuma.

Shairi lenyewe lina mistari minane tu, na anaambiwa mwanamke aitwaye Leukonoe. Leukonoe anataka kujua ataishi hadi lini, na anapapasa "hesabu za Babeli", yaani unajimu, ambao Babeli ilisifika kwao. Horatius anamkanya: usiulize miungu imenipangia mwisho gani mimi, na upi wewe, kulijua hilo ni mwiko. Nje ni majira ya baridi, bahari ya Tireni inajichosha kwenye miamba. Huenda Jupita, mungu mkuu wa Waroma, ametupangia baridi nyingine nyingi, huenda hii ndiyo ya mwisho. Vyovyote itakavyokuwa, ni heri kuvumilia.

Kisha anampa maagizo matatu, na hapa ndipo wapenda sherehe hawasomi. La kwanza ni sapias, uwe na busara. La pili ni vina liques, chuja divai. Divai ya Waroma ilikuwa na mashapo, hivyo ilipitishwa kwenye kitambaa au kichujio kabla ya kunywewa. Ni kazi ya nyumbani kwa ajili ya kinywaji cha leo, wala hakuna karamu inayotajwa. La tatu ni kulikata tumaini refu, kwa kuwa muda ni mfupi. Kitenzi chake, resecare, ni kukata kinachozidi, kama mkulima wa mizabibu anavyopogoa matawi. Anayepogoa na kuchuma ni mtu wa kiasi. Kinachopogolewa hapa ni mipango ya mbali.

Halafu, mara tu baada ya carpe diem, kuna nusu ya sentensi ambayo hakuna anayeinukuu: quam minimum credula postero, "ukiiamini kesho kwa uchache uwezavyo". Credula limetoka kwenye credere, kuamini, na kitenzi hichohicho ndicho Waroma walichotumia kwa kukopesha. Sasa mrudie yule wa mkopo wa simu. Amekula leo kwa hela ambayo kesho ndiyo italipa. Ameiamini kesho kuliko mtu yeyote mtaani kwake: kwamba mshahara utaingia, kwamba hataugua, kwamba kazi itakuwepo. Leukonoe naye alikosea hukohuko kwa njia nyingine, kwa kutaka kesho imhakikishie kitu. Wote wawili leo yao inaegemea siku ambayo haijafika.

Horatius alivutwa na mafundisho ya Epikuro, mwanafalsafa Mgiriki ambaye naye amesingiziwa sana. Katika barua yake kwa Menoikeo, Epikuro anasema wazi kwamba raha anayoizungumzia si ulevi na karamu zisizokwisha, bali ni mwili usioumia na roho isiyosumbuka. Horatius aliwahi kujitania katika barua moja ya kishairi kuwa yeye ni nguruwe wa zizi la Epikuro, na utani huo haukulisaidia jina la Epikuro.

Basi, ndugu zangu wa picha za wikendi, sherehekeeni tu, mimi sina neno. Ila kama sherehe ni ya mkopo, andikeni "ponda mali", maana hiyo ndiyo mnayoikusudia. Carpe diem ingemfaa zaidi yule aliyebaki nyumbani, akapika alichonacho, akala na wenzake, wala hakuahidi chochote kwa jina la mwezi ujao.