Ncha ya antena isiitazame ghorofa ya juu

Mtu akiniita kwamba waifai haipandi ghorofani, mara nyingi nakuta antena zote za ruta zimesimama wima, ncha zikitazama dari, kana kwamba mawimbi hutokea nchani. Antena ya kijiti hurusha mawimbi ubavuni, kuizunguka pande zote. Fikiria tairi lililovishwa kwenye kijiti: penye mpira ndipo penye nguvu, na kule kijiti kinakoelekea ni tundu tupu. Antena ikiwa wima, tairi limelala sambamba na sakafu. Ghorofa ile ile inashiba, lakini chumba kilicho juu ya ruta kinaangukia kwenye tundu.

Kwa ruta yenye antena mbili, huwa naacha moja wima na kulaza nyingine. Wengi huishia hapo, ilhali antena iliyolazwa nayo ina tundu lake, sasa likielekea pembeni. Izungushe hadi ncha itazame pasipo na mtumiaji, tuseme ukuta wa nje.

Kazi huwa tamu zaidi chumba kikiwa mshazari. Chukua ruta iliyo chini, na meza ya kazi iliyo mita 3 juu na mita 3 kulia. Mstari kutoka ruta hadi mezani unapanda kwa digrii 45. Mkono wa mtu utainamisha antena kulia, kuelekea meza, na hapo ameielekezea tundu lenyewe! Inamishe kushoto digrii 45, ubavu ndio uitazame meza. Katika nyumba ya namna hiyo nimeona kipimo cha nguvu ya mawimbi kikitoka -76 dBm hadi -69; kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Tofauti ya 7 ni nguvu takriban mara 5, na simu ya video iliyokuwa ikikwama ikaenda vizuri.

Usipime kwa vile vistari vya simu, ni vya kubahatisha. Tumia programu inayoonyesha dBm, au kwenye kompyuta ya Linux andika hivi, ukibadilisha `wlan0` kwa jina la kadi yako ya waifai:

```
iw dev wlan0 link
```

Soma mstari wa `signal`. Namba hurukaruka hata bila kugusa chochote, kwa hiyo iache kompyuta palepale mezani, wewe usisimame katikati, na soma mara kadhaa kabla ya kuamua. Badiliko la 1 au 2 si kitu.

Jihadhari na kununua antena ndefu za "nguvu zaidi". Haziongezi nguvu kutoka hewani, zinalibana tairi liwe bapa, na ghorofa ya juu inaweza kupata kidogo kuliko mwanzo.

Ruta yenye antena za ndani haina cha kuinamisha, basi geuza kasha lenyewe: lisimamishe, lilaze, pima kila mkao. Na sakafu ikiwa ya zege nene yenye nondo, hasa kwa gigahezi 5, ukibaki chini ya -80 katika kila mkao, acha kuhangaika na pembe. Pandisha waya juu, ufunge kituo cha pili cha waifai.