Bega Linalouma Wiki Kadhaa Baada ya Chanjo

Mkono kuuma baada ya kuchanjwa ni kawaida. Maumivu huanza saa chache baada ya sindano au kesho yake, hukaa kwenye msuli wenyewe, na kwa watu wengi huisha ndani ya siku tatu. Wachache hufikisha wiki. Hayo hayahitaji daktari. Kinachotuleta hapa ni bega ambalo wiki ya tatu au ya sita bado linauma, na mkono haupandi kama zamani.

Chukulia mama wa miaka 46 aliyechanjwa mafua mkono wa kushoto. Usiku uleule bega likaanza kumuuma. Siku kumi baadaye, pale sindano ilipopita hapaumi tena hata akipabonyeza, ila hawezi kufunga sidiria kwa nyuma wala kulalia upande ule, na kuchana nywele imekuwa kazi. Anameza parasetamoli, anangoja. Anafika kliniki wiki ya tano.

Swali la kwanza la kumuuliza ni sindano ilichomwa wapi. Anaonyesha sehemu ya juu kabisa ya bega, karibu na mfupa, maana mchanjaji alivuta shingo ya blauzi badala ya kumwomba autoe mkono wote nje. Jibu hilo linaeleza mengi. Chini kidogo ya ile nundu ya mfupa iliyo juu ya bega kuna kifuko chembamba chenye majimaji, kinachosaidia kano zisisuguane na mfupa mkono unapopanda. Sindano ikiingia juu mno, au ikiwa ndefu kuliko unene wa msuli, dawa inaweza kumwagwa humo. Chanjo imetengenezwa kuamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamshwa ndani ya kifuko hicho, uvimbe unaotokea huko huchukua muda mrefu kutulia kuliko ule wa kwenye msuli. Ndiyo maana jeraha hili hufuata chanjo za aina mbalimbali: kosa ni mahali pa kuchoma, si chanjo yenyewe.

Alama inayolitambulisha ni muda. Maumivu huanza ndani ya saa 48. Bega lililoanza kuuma wiki tatu baada ya chanjo huenda lina sababu nyingine, na kuilaumu chanjo mapema kunaweza kuficha kano iliyochanika.

Kwenye uchunguzi, mama huyu akiinua mkono mwenyewe unakwama usawa wa bega. Mpimaji akimwinulia, unapanda zaidi, ingawa kwa maumivu. Hiyo ni dalili njema. Kama mkono ungekataa hata kwa mpimaji, hasa kuuzungusha kwenda nje huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, tungehofia bega linaanza kuganda, na bega lililoganda huweza kuchukua miezi mingi kulegea. Picha ya ultrasaundi ikionyesha majimaji yamezidi kwenye kifuko, inaafikiana na maelezo yake.

Matibabu huanza na dawa ya kupunguza uvimbe kama ibuprofeni kwa siku chache, mradi hana vidonda vya tumbo, tatizo la figo wala ujauzito, pamoja na mazoezi ya fiziotherapia. Kuufunga mkono kwa kitambaa wiki nzima ni kulikaribisha bega ligande. Asipopata nafuu, daktari anaweza kumchoma steroidi karibu na kifuko. Wengi hupona, lakini kwa wiki au miezi.

Kwa hiyo usisubiri wiki ya tano. Nenda ukapimwe ikiwa wiki moja imepita na mkono hauinuki vizuri, au wiki mbili zimepita bila maumivu kupungua.

Mengine ni ya siku hiyohiyo: homa pamoja na bega lililovimba na kuwa la moto, wekundu unaozidi kutanda, au usaha, kwa sababu huenda ni maambukizi. Vivyo hivyo kiganja kinacholegea kisiweze kuinuka, ganzi isiyoondoka, au maumivu makali yanayofuatiwa na msuli kuishiwa nguvu. Hapo mshipa wa fahamu unaweza kuwa umeguswa au umevimba. Na maumivu ya mkono yanayokuja na kifua kubana au kukosa pumzi ni dharura ya moyo hadi ithibitishwe vinginevyo, uwe umechanjwa au la.

Unapokwenda, beba kadi ya chanjo na uonyeshe kwa kidole ilipoingia sindano. Dozi inayofuata kwa kawaida haizuiliwi na jeraha hili. Omba ichomwe mkono mwingine. Vua mkono wa nguo hadi bega lote lionekane, kaa, ulegeze mkono. Mchanjaji naye akae, kwani akisimama mbele ya aliyeketi huelekea kuchoma juu. Mahali sahihi ni vidole viwili hadi vitatu chini ya nundu ya mfupa, katikati ya msuli, juu ya usawa wa kwapa.