Bando halikuibiwa, ulikaribisha laptopu

Jana tena. Kijana kaingia dukani hapa Kariakoo, salamu hata hajamaliza, ananionyesha meme: jamaa kawasha data, hajafungua kitu, meseji imeshaingia, "umetumia asilimia 75 ya bando lako". Anacheka ila hacheki. "Fundi, hawa watu wezi, nimeweka GB 2 asubuhi, saa sita hamna kitu."

Nimechoka na hii kesi jamani. Mi silipwi na mtandao wowote kuwatetea, na bei zao na mimi zinaniuma. Lakini kila mtu anakuja na neno "wizi" na hakuna hata mmoja aliyefungua Data usage aone nani kala.

Tukafungua. YouTube MB 90, WhatsApp kidogo tu, ila juu kabisa pameandikwa Tethering & portable hotspot, GB 1.7. Nikamuuliza, mdogo wangu, ulimrushia nani hotispoti? Kimya. Afu, "mshkaji wangu wa chuo, alikuwa anatuma asaimenti tu, faili la Word."

Sasa hapa ndo penyewe. Kuna meme nyingine, ile ya mtu anayekatiza mtaa na simu juu anatafuta waifai ya bure, akiipata anatulia kama kafika peponi. Kifaa chako nacho kinafurahi hivohivo! Kikiwa kwenye data ya laini kinajibana, kikiona waifai kinaachia kila kilichokuwa kwenye foleni. Play Store inashusha apdeti, Google Photos inapandisha picha, na WhatsApp, ambayo kwa setingi inazokuja nazo kwenye data hujishushia picha tu, kwenye waifai inavuta mpaka video za magrupu. Na hotispoti, kwa kifaa kinachopokea, ni waifai. Hakijui kwamba nyuma yake kuna bando la mtu alilonunua kwa jero la mwisho.

Simu kwa simu kuna unafuu, na hapa watu wanabishana nami sana. Android ikirusha hotispoti huwa inaipa mwenzake alama ya siri, neno ANDROID_METERED, maana yake "huku kunalipiwa, kula taratibu". Android ya upande wa pili ikiiona inajibana. Shida ni mbili: zipo programu zinazouliza "hii ni waifai?" badala ya "hii inalipiwa?", hizo alama haziwahusu, na laptopu ya Windows yenyewe inaichukulia waifai yoyote kuwa ya bure mpaka uiambie vingine. Ndo maana mi kwa kesi ya hotispoti namshuku mwenye laptopu kwanza.

Nikamwambia amwite mshkaji. Akaja na laptopu yake, mpole kweli. Settings, Network & internet, Data usage, pale juu kabisa System, imeziacha programu zote kwa mbali, kivinjari alichotumia kutuma hiyo asaimenti MB 40 tu. Tukaenda Windows Update: apdeti ya mwezi imeshushwa, inasubiri kuwashwa upya. Kiwango cha kasi hapo si hoja, 4G ikiwa nzuri, tuseme megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ni MB 2.5, kwa hiyo GB 1.5 inaisha kwenye dakika kumi. Yaani muda wa kuagiza chai na chapati.

Dawa yake: ukiunganishwa na hotispoti ya mtu, bonyeza jina la hiyo waifai, ingia properties, washa Metered connection. Apdeti nyingi zinasimama, na OneDrive nayo inasimama. Kwenye Android ni hapohapo kwenye jina la waifai, chagua Treat as metered. Aifoni ni Low Data Mode. Fanya kabla hujaanza kutuma chochote, maana ukichelewa dakika tano imeshakula.

Ila niseme ukweli, sio kila MB naweza kuifuata. Hesabu ya simu na ya mtandao hazifanani kila mara, Android yenyewe inakuandikia kwamba hesabu ya mtandao inaweza kutofautiana na ya simu. Tofauti ndogo siishangai. Tofauti ikiwa nusu ya bando na hotispoti ilikuwa imezimwa, hapo mi sina jibu, mita ya kwao siioni, piga picha ya skrini ya Data usage uende nayo kwao, usije kwangu na meme.

Wale wawili wakaanza kudaiana GB mlangoni kwangu. Yule wa laptopu alipoona hali mbaya akanigeukia, "samahani bro, hapa mna waifai?" Ninayo. Nikampa paswedi, ila laptopu nilimnyang'anya kwanza nikaiweka Metered mwenyewe.